Wanabishana kuhusu lumbesa, lakini shida yao ni msiba

*"Naandika filamu fupi ya dakika kumi, tutapiga kijijini kwetu Isyonje, Mbeya. Dada amebaki nyumbani, amemuuguza baba mpaka mwisho. Mdogo wake wa kiume yuko Dar. Hakuja kuzika kwa sababu mtaji aliopewa na baba uliisha na aliona aibu. Sasa amerudi, miezi miwili baada ya msiba. Nataka wagombane kuhusu viazi vinavyopakiwa kwenye fuso, ila mtazamaji ajue kinachowauma ni kile cha msibani. Nikiandika viazi tupu, rafiki zangu wanauliza 'mbona wanabishana viazi tu?' Nikiongeza ya baba, wanasema wahusika wanahutubia. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, rafiki zako wote wameona kasoro moja, ila wameiona kutoka pande mbili. Katika kipande ulichoambatanisha, huyo kijana anauliza gunia lina kilo ngapi, dada anajibu hajui, kijana anasema hiyo ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na sheria hairuhusu, dada anasema ndivyo wanavyonunua. Hapo hakuna ugomvi. Kuna swali na jibu, na mtu mwenye mzani angeumaliza kwa dakika mbili. Ulipoona sini imelala, ukamwongezea dada maneno kuhusu baba ili aamke. Lakini yaliyokosekana hayakuwa maneno. Hukuwahi kuamua kwa nini watu hawa wawili, kati ya vitu vyote vya nyumbani, washikane kwenye gunia.

Kabla ya kulirudia gunia, kuna jambo linalotupotosha wengi tunaoandika kwa Kiswahili. Tumelelewa kwenye mafumbo. Mtu anavaa kanga yenye maneno, anapita mbele ya jirani, na ujumbe umefika. Aliyevaa anajua alichokusudia, aliyelengwa anajua kalengwa, na wapita njia wanacheka. Kwa hiyo tukiambiwa tufiche maana chini ya mazungumzo, mkono unakimbilia vijembe: "Wengine huonekana siku ya kuvuna tu." Dada akisema hivyo, ameshamsema mdogo wake. Kijana ameshajua kasemwa, mtazamaji ameshajua, na kilichobaki ni kujibizana. Fumbo ni njia ya kusema.

Unachokitafuta wewe ni kitu ambacho msemaji hataki kukisema, na pengine hajui kwamba kinamtoka. Dada anataka kabisa kuzungumzia viazi. Anajitahidi kubaki kwenye viazi. Kinachomsaliti ni uzito anaoupa jambo dogo, neno moja lililokaa mahali pasipo pake, au swali alilokataa kulijibu. Ukimwandikia vijembe, unamfanya mjanja. Ukimwandikia mtu anayejizuia, mtazamaji anaanza kumsikiliza kwa makini, kwa sababu anaona kuna kitu kinazuiwa.

Basi anza na karatasi ambayo haitaingia kwenye skripti. Nitawaita wahusika Tusa na Ambo ili tuelewane. Kwa kila mmoja andika sentensi moja, kavu, ile ambayo angeisema kama angekuwa peke yake gizani. Ya Tusa naiona hivi: "Uliniacha peke yangu na baba." Ya Ambo: "Sikuweza kusimama mbele ya watu nikiwa mikono mitupu." Chini ya kila sentensi andika atakachopoteza akiitamka. Tusa akiitamka, Ambo anaweza kupanda basi jioni hiyo hiyo asirudi tena, na sasa hana ndugu mwingine pale nyumbani. Ambo akiitamka ya kwake, swali linalofuata ni pesa za baba zilikwenda wapi.

Usiiruke hatua hii ya hasara. Skripti nyingi zinafia hapa. Kama mhusika hapotezi chochote akisema ukweli, mtazamaji atajiuliza kwa nini hasemi tu, na atahisi kwamba anayeficha ni mwandishi. Kukiwa na hasara iliyo wazi, kunyamaza kwa Tusa kunakuwa tendo lenye sababu.

Sasa turudi kwenye viazi. Umechagua vizuri bila kujua. Jambo la juu, lile wanalogombania kwa sauti, linahitaji kuwa jambo la kweli lenye haraka yake. Fuso limesimama barabarani, dereva anataka kuwahi, dalali anaweza kuhamia shamba la jirani wakati wowote. Hilo tayari unalo. Linahitaji pia kufanana kwa umbo na lile la chini, na hapa lumbesa ni zawadi. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezwa kilemba juu, likashonwa hivyo hivyo, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Ni mzigo uliozidi ambao mtu mmoja anaubeba na hakuna anayeuhesabu. Hayo ndiyo maisha ya Tusa kwa muda wote baba alipokuwa kitandani. Usije ukamfanya mtu yeyote aseme ulinganisho huo. Ukisemwa umekufa. Uache ukae kwenye gunia.

Kinachokosekana kwako ni msimamo. Umempa Ambo hoja ya sheria, lakini Tusa hana hoja, ana uvivu tu wa kubishana. Jiulize: kwa nini mwanamke mwenye akili zake, anayejua kabisa kwamba anapunjwa, amtetee anayempunja? Jibu lake litoke msibani. Mimi ningesema hivi: dalali huyu alikuja. Baba alipofariki, alifika na watu wake, akachimba kaburi pamoja na wanaume wa kijiji, akaacha rambirambi. Anampunja Tusa kila msimu, na alikuja. Ambo hampunji mtu, anajua sheria, na hakuja. Ghafla lumbesa ina wenyewe. Ambo akimwita dalali mwizi, bila kujua anamgusa mtu aliyesimama mahali ambapo yeye alitakiwa asimame. Tusa akimtetea dalali, anamhukumu mdogo wake bila kumtaja.

Ila hakuna hata moja kati ya hayo litakaloeleweka kama mtazamaji hajui chochote. Wengi hufikiri kuficha maana ni kumnyima mtazamaji habari. Ni kinyume chake: mtazamaji anatakiwa ajue kabla ya ugomvi kuanza, na wahusika ndio wakatae kusema. Kwako anahitaji kujua mambo mawili tu, kwamba baba amekufa na kwamba Ambo hakuwepo. Yape dakika ya kwanza ya filamu, na uyape kwa picha. Kaburi nyuma ya nyumba, udongo bado haujashikana, shada limenyauka. Ambo anaingia uani na begi, analiona, anapita upande wa pili wa nyumba.

Kwa la pili ningetumia daftari. Kwenye msiba kila nyumba ina daftari la rambirambi: jina, na mbele yake kiasi. Katika nyumba ya kawaida daftari hilo halitupwi, kurasa zilizobaki zinatumika. Tusa anaandika hesabu ya magunia nyuma ya daftari lile lile. Asubuhi Ambo analifungua kutafuta bei ya jana, anafungua upande usio wake, anakuta majina. Kidole kinashuka kwenye orodha polepole. Kinafika mwisho. Analifunga. Hajasema neno, na mtazamaji ameshajua alichokuwa anakitafuta na kwamba hakukipata. Kama unataka kumtambulisha dalali mapema, kidole kisimame kidogo kwenye jina lake.

Baada ya hapo unaweza kuandika ugomvi. Nimejaribu namna moja hapa. Usiichukue kama ilivyo, maana wewe ndiye unayejua watu wa kwenu wanavyoongea.

NJE. KANDO YA SHAMBA, ISYONJE – ASUBUHI

*Baridi. Tusa anashona mdomo wa gunia lililokwishajaa, viazi vimepanda juu ya mdomo. Ambo amesimama pembeni, viatu vya mjini vimeshika tope. Mbali, fuso limeegeshwa.*

AMBO: Hapo pameshajaa, dada.

TUSA: Bado.

AMBO: Gunia kilo mia. Hili linagonga mia na arobaini.

TUSA: Umelipima?

AMBO: Naliona.

TUSA: Umefika jana usiku, leo umeshaona.

AMBO: Nasema unaibiwa.

TUSA: Shika hapo, kamba isilegee.

*Ambo anashika kwa mkono mmoja.*

TUSA: Miwili.

*Anashika kwa miwili.*

AMBO: Mkatalie. Fuso haliwezi kurudi tupu. Kwani anakufahamu?

TUSA: Anatufahamu. Mwezi wa nne alikuja.

AMBO: Kununua?

*Tusa anavuta kamba. Anatafuta pa kuchomea sindano.*

TUSA: Siku ile hakununua kitu.

*Honi ya fuso.*

AMBO: Mimi naongelea kilo tu.

TUSA: Na mimi nakwambia shika.

AMBO: Tupunguze kidogo. Vitakavyobaki nitabeba mimi.

TUSA: Uvipeleke wapi?

AMBO: Nyumbani.

TUSA: Nyumbani wapi?

Tazama kwanza kwamba baba hajatajwa. Msiba haujatajwa. Neno la karibu kabisa ni "mwezi wa nne", na hilo linafanya kazi kwa sababu daftari limeshatangulia. Ukiondoa dakika ya kwanza, sini hii inarudi kuwa viazi tupu, na rafiki zako watakuwa na haki ya kulalamika.

Tazama pia anachokifanya Tusa kila anapobanwa: anarudi kwenye kazi. "Shika hapo." "Miwili." Kila sentensi yake fupi ni amri kuhusu kamba, na kila amri inamlazimisha Ambo kushiriki mzigo aliokuwa anaukosoa kwa mbali. Kazi ya mikono ni rafiki mkubwa wa mwandishi katika ugomvi wa namna hii. Inampa mhusika mahali halali pa kuangalia badala ya uso wa mwenzake, na inampa mwigizaji kitu cha kukifanya vibaya pale moyo unapotikisika. Sindano ikikosa tundu tunajua mkono umetetemeka, na hukuhitaji kuandika "kwa uchungu" ndani ya mabano. Mabano hayo yafute yote. Yanamwambia mwigizaji atoe matokeo, na atakutolea uso wa uchungu wa kwenye bango. Konstantin Stanislavski, yule mwalimu wa maigizo wa Moscow, alisisitiza kwamba mwigizaji apewe cha kutaka. Mwambie Tusa kwamba anataka mdogo wake ashike hilo gunia kwa mikono miwili na asiachie. Ataipata sauti mwenyewe.

Mstari wa "Siku ile hakununua kitu" ndio mahali ambapo jambo la chini linakaribia zaidi kutokeza. Angalia ulivyojengwa. Ambo anauliza swali la kawaida la biashara, na jibu lake ni la kweli, la kibiashara, halina lawama ndani yake. Lawama inaingia kwa sababu ya kile kilichoachwa wazi: kama hakununua, alikuja kufanya nini? Ambo anajua. Na ndiyo maana jibu lake linarudi nyuma haraka, "Mimi naongelea kilo tu." Mtu anayeongelea kilo tu hana haja ya kusema kwamba anaongelea kilo tu. Tumia mstari wa namna hiyo mara moja. Ukimpa na Tusa wake, filamu itaanza kujikonyeza.

Nataka nikae kidogo kwenye silaha ambayo Kiswahili chenyewe kinakupa, nayo ni ngeli. Viambishi vyetu vinatangaza wakati wote tunaongelea kitu au mtu. Gunia linaachwa, *uliliacha*. Baba anaachwa, *ulimwacha*. Herufi chache tu zimebadilika. Tuseme katika toleo lako Ambo anakuta gunia moja limelala nje na kunyeshewa:

AMBO: Kwa nini uliliacha nje?

TUSA: Sikuliacha. Mimi sijamwacha mtu.

Kiambishi kimeteleza kutoka gunia kwenda kwa binadamu, ndani ya pumzi moja, na Tusa mwenyewe amekisikia kikiteleza. Mtazamaji wa Mbeya atakisikia bila kujua ni nini kilichomshtua. Hatari ni moja: mwandishi anapopenda mchezo huu, anamfanya mhusika wa pili aushangae. "Mtu? Mtu gani?" Usifanye hivyo. Ambo aliyeelewa hawezi kuuliza. Atachukua gunia lililoloa, aliburute kivulini.

Namna ya kuitana nayo inabeba mengi, na hukuitumia kabisa. Katika kipande chako Ambo anasema "dada" katika kila sentensi, mpaka neno limekuwa kikohozi. Lipange. Alitumie anapobembeleza, alidondoshe anapokasirika, na mtazamaji atasikia pengo lake. Tusa naye ana njia yake. Anaweza kumkaribisha mdogo wake chai kwa heshima zote anazopewa mgeni: kigoda kikafutwa, akatolewa kikombe cha sahani kinachokaa kabatini. Mtoto wa nyumba hapewi kikombe hicho. Ambo akinyanyuka kwenda kujichukulia kikombe cha bati jikoni, wameshagombana vikali na mtu wa nje angesema walikuwa wanakunywa chai.

Kama kwenu mnazungumza Kinyakyusa au Kisafwa nyumbani, unaweza kuiwekea lugha hiyo mstari mmoja tu, pale Tusa anaposhindwa kujizuia. Ni chaguo zuri, lakini ulipime. Likirudiwa linakuwa pambo, na ukipeleka filamu kwenye tamasha utahitaji maandishi ya tafsiri chini, ambayo huua mshtuko wa kubadilisha lugha kwa mtu asiyesikia tofauti.

Sasa swali ambalo hukuliuliza ila litakukuta: je, mwishoni waseme? Una njia tatu na kila moja ina gharama. Wakisema wazi, watazamaji wengi wataridhika, hasa waliozoea filamu zetu ambapo jambo halijaisha mpaka limezungumzwa kikao kizima. Lakini utakuwa umewalipa dakika tisa za subira kwa hotuba. Wasiposema kabisa, unaifanya filamu kuwa ngumu zaidi, na wapo watakaotoka wakisema haieleweki. Usiwadharau, wakati mwingine wana haki. Njia ya kati ni aseme mmoja, mara moja, kwa maneno machache, na isiwe wakati wa ugomvi.

Kwa dakika kumi, mimi ningechukua hiyo ya kati, na ningempa Ambo. Ugomvi wa gunia umekwisha, lumbesa imepakiwa kama ilivyo, fuso limeondoka. Hapa kuna kipimo kizuri cha kama umefanikiwa: jambo la juu limemalizika, na bado hakuna aliyetulia. Magunia yameondoka, pesa ziko mkononi, kwa haki ya viazi wangeweza kwenda kupika. Hawaendi. Tusa anahesabu noti kwa sauti, anaandika kwenye daftari. Ambo anasema, "Nilifika mpaka Makambako." Basi. Hajaeleza kwamba alipanda basi kuja msibani, kwamba alishuka njiani, kwamba alirudi. Yeyote anayeijua barabara ya kutoka Dar anajua kwamba ukishafika Makambako umeshamaliza sehemu kubwa ya safari na Mbeya haiko mbali. Tusa asimkumbatie. Aendelee kuhesabu, apotee hesabu, aanze upya.

Ukiamua hivyo, hakikisha hakuna dokezo lolote la Makambako kabla. Na usimruhusu Ambo kuongeza sentensi ya pili. Waigizaji wazuri watakuomba waiongeze, kwa sababu inauma kuishia hapo. Wakatalie kwa upole.

Kwenye kupiga picha nina mawili tu. La kwanza, mazungumzo ya namna hii yanategemea uso wa anayesikiliza. Tusa anaposema "Siku ile hakununua kitu", kamera iwe kwa Ambo. Piga sini yote mara moja ukiwa kwa Tusa na mara moja ukiwa kwa Ambo, mwanzo hadi mwisho bila kukata, ili kwenye uhariri uwe na uhuru wa kukaa kwa anayenyamaza. Ukipiga kila mtu mistari yake tu, utajikuta huna kimya cha kutumia. La pili, zima injini ya fuso wakati wa mazungumzo na rekodi mlio wake peke yake baadaye. Sauti za chini ndizo zinazobeba sini hii, na upepo wa Isyonje peke yake unatosha kukusumbua; kinasa sauti kikae karibu na mdomo na kifunikwe manyoya ya kuzuia upepo.

Kabla ya kukodi chochote, tafuta watu wawili ambao hawajui hadithi na hawakupendi kiasi cha kukudanganya. Wape waisome kwa sauti, ukiwa umewaonyesha dakika ya kwanza hata kama ni kwa kuisimulia picha baada ya picha. Usieleze kitu kingine. Wakimaliza uliza maswali mawili, kwa mpangilio huu: wanagombania nini? Na huyu dada anataka nini? Wakijibu "lumbesa" kwa la kwanza na kitu kama "anataka mdogo wake abaki" kwa la pili, skripti imekaa. Wakijibu lumbesa kwa yote mawili, tatizo liko kwenye dakika ya kwanza, usiguse mazungumzo. Wakijibu msiba kwa yote mawili, tafuta mstari mmoja unaojitangaza na uufute. Mara nyingi ni ule unaoupenda.

Kuna mahali ambapo ushauri wa kuandikiana hauwezi kufika. Kama umesharekebisha hivyo na bado watu wanaona sini ni baridi, tatizo linaweza kuwa kwenye uigizaji, na hilo halionekani kwenye karatasi. Tafuta mtu aliyesomea kuongoza waigizaji akae nanyi kwenye mazoezi hata nusu siku. Waliopita chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo au Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo hata mikoani, na kwa Mbeya unaweza kuanza kuuliza kwenye vikundi vya maigizo vya vyuo na makanisa. Na ulizia mapema Bodi ya Filamu kuhusu kibali, usingoje mpaka fuso limeshakodiwa.

Jingine naliuliza kwa upole, kwa sababu kijiji ni chenu na umeandika "kwetu". Kama baba huyu ni baba yako, au Tusa yuko hai na atakaa mstari wa mbele siku ya kuonyesha filamu, nenda ukazungumze naye kabla ya kupiga, ana kwa ana, ukiwa na skripti mkononi. Mpe aisome. Akikwambia kuna mstari hataki usikike, muulize ni upi, kisha amua ukiwa umemsikia.